Kikohozi Kisicho cha Mapafu: Koo la Utotoni na Valvu ya Moyo katika Machimbo ya Geita na Shinyanga

Mtu akikohoa Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, jambo la kwanza linalokuja akilini ni kifua kikuu, na ni haki lije. Vumbi la mawe linalotoka kwenye makarasha na ndani ya maduara huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Kwa hiyo anayekohoa wiki mbili hupimwa makohozi. Vijidudu visipoonekana huambiwa arudi apimwe tena, apigwe picha ya kifua, na wakati mwingine huanzishiwa dawa za miezi sita kwa kukisia. Lakini wapo watu, wengi wao wanawake wa miaka ishirini na kitu, wanaopita njia hiyo yote ilhali kiini cha ugonjwa wao hakiko kwenye mapafu. Kiko kwenye valvu ya moyo, na kilianza wakiwa darasa la pili au la tatu, kwa koo lililouma siku nne likapona lenyewe.

Nitamfuata mwanamke mmoja wa aina hiyo. Si mtu fulani. Nimemjenga kutokana na historia ambazo wauguzi na matabibu wa ukanda huu wanazifahamu vizuri. Alizaliwa Shinyanga vijijini, na akiwa na miaka 8 baba yake alifuata rashi ya dhahabu huko Rwamgasa. Wakalala watu saba chini ya turubai moja. Mwezi huo huo akaugua koo.

Bakteria anayehusika anaitwa streptokokasi wa kundi A. Anaenea kwa matone ya mate, na hakuna kinachomsaidia zaidi ya watoto wengi kulala wakipumuliana usoni, jambo linalopatikana kwa wingi kwenye makambi ya wachimbaji. Koo lenyewe halitishi. Hatari iko kwenye kinga ya mwili. Sehemu ya gamba la bakteria huyu inafanana na baadhi ya protini zilizomo kwenye valvu za moyo, kwenye viungo na kwenye ubongo. Kinga ikishajifunza kumtambua bakteria, kwa baadhi ya watoto huanza kuvishambulia na viungo vyao wenyewe, kwa kawaida wiki mbili hadi tatu baada ya koo kupona. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ni watoto wachache tu kati ya wanaougua koo wanaofikia hapo, na haiwezekani kujua mapema ni yupi. Umri wa hatari ni kati ya miaka 5 na 15.

Mzazi atajuaje kwamba koo hili ni la bakteria? Hawezi kuwa na hakika, lakini anaweza kubahatisha vizuri. Koo la streptokokasi huanza ghafla, pamoja na homa. Kumeza kunauma, mafindofindo huvimba na mara nyingi huwa na madoa meupe ya usaha, na tezi za mbele ya shingo zinauma ukizibonyeza. Mtoto hakohoi wala hatoki makamasi. Akiwa na makamasi, kikohozi na sauti iliyokauka, huenda ni virusi tu, na antibayotiki haitamsaidia. Huyu wa kwanza ndiye wa kupelekwa zahanati siku hiyo au kesho yake, hata kama homa imeanza kushuka. Matibabu yakianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma bado yanazuia homa ya baridi yabisi, kwa hiyo hata aliyechelewa wiki nzima asiseme muda umepita.

Dawa ni penisilini. Njia ya uhakika ni sindano moja ya benzathini penisilini, na hapo kazi imekwisha. Njia ya pili ni amoksilini ya kumeza kwa siku 10, na hapa ndipo mambo huharibika kwenye duka la dawa muhimu. Hesabu ni nyepesi. Kipimo cha kawaida ni miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi gramu moja. Mtoto wa kilo 20 anahitaji gramu moja kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 250, na kwa siku 10 ni vidonge 40. Karatasi moja ya vidonge 10 ambayo mzazi hununua haimalizi hata siku tatu. Homa itashuka, mtoto atacheza, na bakteria atabaki kooni. Kama fedha haitoshi vidonge 40, omba sindano. Septrini isikubalike kama mbadala. Haimwondoi bakteria huyu. Ama kukata kilimi, ambako bado kunafanywa kwa watoto wenye koo linalorudi rudi, hakugusi bakteria hata kidogo, na jeraha lake linaweza kutoa damu nyingi au kuingiza pepopunda.

Msichana wetu alipewa vidonge vya siku mbili na panado. Wiki tatu baadaye goti la kulia lilivimba, likawa la moto, hakuweza kukanyaga. Baada ya siku mbili goti likapoa na kifundo cha mguu wa kushoto kikavimba, kisha kiwiko. Maumivu haya yanayohama kutoka kiungo kikubwa hadi kingine, pamoja na homa, ndiyo alama inayofaa kukumbukwa kuliko zote. Yeye alipimwa malaria, akachomwa sindano ya kutuliza maumivu, na kesho yake akatembea. Dawa za kutuliza maumivu huzima viungo vya homa ya baridi yabisi haraka mno, kiasi kwamba mtoto akifika kwa daktari hakuna tena cha kuonyesha. Ndiyo maana ni vizuri mzazi aandike, au hata apige picha kwa simu, kiungo kilichovimba na tarehe yake.

Kanda ya Ziwa ina jambo jingine linalovuruga utambuzi, nalo ni seli mundu. Ni ugonjwa ulioenea sana huku, na mtoto anayelia miguu hufikiriwa kuwa nao kabla ya jambo lingine. Kwa kawaida maumivu ya seli mundu yako kwenye mifupa yenyewe, mtoto hupungukiwa damu, macho huwa na manjano, na historia yake huanzia utotoni kabisa. Lakini nisingetegemea macho peke yake. Mtoto apimwe seli mundu, na majibu yakiwa safi, swali la pili liulizwe bila kuchelewa: je, aliugua koo mwezi uliopita, na moyo wake umesikilizwa? Jibu la "hapana" kwenye koo halimwondolei shaka, kwa sababu wengi wanaokuja kukutwa na ugonjwa huu hawakumbuki koo lolote.

Kuna sura nyingine ya homa hii ambayo huishia kwa mganga badala ya zahanati. Mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri anaanza kuandika ovyo. Anaangusha vikombe, mikono inarukaruka bila yeye kutaka, uso unakunjamana, analia au kucheka bila sababu. Akilala, yote hayo yanakoma. Mwalimu humchapa kwa utundu, na nyumbani husemwa amerogwa au ana mapepo. Ni kinga ya mwili iliyogusa ubongo, na inaweza kujitokeza hata miezi kadhaa baada ya koo, wakati hakuna tena anayekumbuka lile koo. Yenyewe huisha. Lakini mtoto aliyeipata ana hatari kubwa ya kuwa na valvu iliyoguswa, kwa hiyo ni lazima apimwe moyo. Mzazi akitaka kwenda kwa mganga pia, sina ugomvi naye, ilimradi zahanati isikose.

Sasa tuingie ndani ya moyo, maana bila hapo sindano za miaka mingi zitaonekana kama adhabu.

Damu safi kutoka kwenye mapafu huingia chumba cha juu cha kushoto cha moyo, kisha hushuka chumba cha chini kupitia valvu ya maitro. Valvu hii ina vipande viwili laini vinavyofunguka na kufunga, vikishikiliwa na nyuzi nyembamba kama kamba za hema. Shambulio la kwanza la homa huvimbisha vipande hivyo na kulegeza nyuzi, visikutane sawasawa. Damu inavuja kurudi juu. Ndiyo maana kwa watoto tatizo la kwanza huwa valvu inayovuja, na kwa wengi, kama hawatashambuliwa tena, uvujaji huo hupungua au kuisha kabisa.

Tatizo ni mashambulio yanayofuata. Aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi mara moja huipata tena kwa urahisi sana akiambukizwa koo lingine, hata koo hafifu asilolisikia. Kila mara valvu huvimba na kupona kwa kovu. Kovu hugandisha pembe mbili ambapo vipande vinakutana, hunenepesha kingo, na kufupisha nyuzi. Taratibu, kwa miaka 5, 10 au 20, mlango huo unageuka kuwa ufa mwembamba. Kwa mtu mzima mwenye afya uwazi wa valvu ya maitro ni sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukishuka chini ya 2.5 mtu anaanza kuhema akipanda mlima au kubeba ndoo. Ukifika 1.5 au chini yake, ni ugonjwa mkali. Katika nchi zenye makambi na shule zilizojaa, ambako koo hurudi mara kwa mara, safari hii huwa fupi, na si ajabu kukuta kijana asiyefika miaka 20 mwenye valvu iliyobana hivyo.

Damu isiyopita hurudi nyuma. Chumba cha juu kinatanuka, shinikizo linapanda hadi kwenye mapafu, na maji yanaanza kuchuruzika humo. Hapo ndipo kikohozi kinapotoka. Kumbuka pia kwamba damu hupita kwenye valvu hii katika kile kipindi kifupi ambacho moyo umepumzika kati ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio, kipindi hicho ndicho kinachofupika zaidi. Kwa hiyo homa, upungufu wa damu, kazi nzito na mimba humwangusha ghafla mtu ambaye jana alionekana mzima.

Msichana wetu aliugua tena viungo akiwa na miaka 11, safari hii kwa siku nne tu. Familia ilikuwa imehamia Kakola. Mimba ya kwanza, akiwa na miaka 19, ilipita na uchovu ambao kila mtu aliuona wa kawaida. Mimba ya pili, akiwa na miaka 24, ilifika wiki ya 29 akaanza kukohoa usiku. Wakati wa mimba damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo huenda haraka zaidi, kwa hiyo miezi mitatu ya mwisho ndiyo inayofichua valvu iliyobana. Alikuwa akilala amekaa, ameegemea ukuta. Makohozi yalikuwa na povu la rangi ya waridi. Kipimo cha makohozi hakikuonyesha kifua kikuu, picha ya kifua ikaonyesha mapafu yenye ukungu, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu.

Maswali matatu yangemwokoa mwezi huo. La kwanza: kikohozi kinazidi ukilala chali na kupungua ukikaa? Cha kifua kikuu hakijali sana umelalaje; cha moyo kinajali sana. La pili: unaamka usiku ukitafuta pumzi, unafungua mlango upate hewa? La tatu: kabla ya kikohozi, ulikuwa umeanza kuachwa nyuma na wenzako njiani kwenda kisimani? Mtu akijibu ndiyo, na makohozi hayana vijidudu, anahitaji kipimo cha eko kabla ya kuanza dawa za miezi sita. Kwa matabibu wenzangu wa vituo vya afya: mlaze mgonjwa upande wa kushoto, weka kengele ya stetoskopu kwenye ncha ya moyo, subirini wote wawili mkiwa kimya. Mngurumo wa valvu iliyobana ni wa sauti ya chini na huja moyo ukiwa umepumzika. Ukimsikiliza ameketi, kliniki ikiwa na kelele, hutausikia. Na mjamzito anayehema hivi asiwekewe dripu ya maji kwa kudhani amechoka au amepungukiwa na nguvu. Maji hayo yataishia kwenye mapafu.

Rufaa za ukanda huu huelekezwa Bugando, Mwanza, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Chato, baada ya kupita hospitali za mkoa. Eko haina mionzi wala haina madhara kwa mimba. Ni picha ya sauti kama ile ya kuangalia mtoto tumboni. Ya mwanamke huyu, alipofanyiwa hatimaye, ilionyesha uwazi wa sentimita ya mraba 1.0. Alipewa dawa ya kukojoza ili kupunguza maji, na dawa ya kupunguza kasi ya moyo ili damu ipate muda wa kupita. Alijifungua hospitalini. Hapa familia hukosea kwa nia njema, kwa kutaka mama arudi nyumbani upesi. Saa 24 hadi 48 baada ya kujifungua ndizo za hatari kubwa, kwa sababu damu iliyokuwa kwenye mji wa mimba hurudi yote kwenye mzunguko, na mgonjwa aliyevumilia leba vizuri anaweza kuzama kwa maji ya mapafu usiku unaofuata.

Miezi michache baadaye alifanyiwa utaratibu wa puto, ambao hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam. Mrija huingizwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye moyo, puto hupitishwa katikati ya valvu na kujazwa kwa sekunde chache, na zile pembe zilizogandana huachana. Uwazi ulipanda hadi 1.9. Si valvu mpya, na hairudi kuwa ya kuzaliwa nayo. Puto pia haifai kila mtu: valvu iliyokuwa ngumu kama chokaa, inayovuja sana, au yenye bonge la damu karibu yake huhitaji upasuaji.

Upasuaji una uamuzi ambao ningependa familia ijadili kabla ya siku yenyewe. Valvu ya chuma hudumu, lakini huhitaji wafarini maisha yote na kipimo cha damu kiitwacho INR mara kwa mara. Dozi ikipungua, valvu huganda; ikizidi, mtu hutoka damu. Wafarini pia inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Valvu ya tishu ya mnyama haihitaji wafarini ya kudumu, lakini kwa kijana huchakaa haraka na atarudi mezani. Binti wa miaka 22 anayeishi kambini saa nyingi kutoka kwenye maabara inayopima INR, na anayetaka watoto, asisaini fomu kabla hajaelezwa haya yote. Wale ambao moyo wao umeanza kupiga bila mpangilio nao huhitaji wafarini ili bonge la damu lisiende kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Dawa mpya za kuzuia damu kuganda, zisizohitaji kupimwa INR, zinavutia. Lakini utafiti mkubwa wa mwaka 2022 uliofanyika kwa wagonjwa wa aina hii katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la wafarini walikufa kwa uchache zaidi.

Nimeiacha sindano mwisho ingawa ndiyo ningeitaka kwanza. Mtoto aliyewahi kupata homa ya baridi yabisi, au ambaye eko imeonyesha valvu iliyoguswa, huchomwa benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 ili koo lingine lisipate nafasi. Aliyepata homa bila moyo kuguswa huendelea kwa miaka 5 au hadi afike 21, chochote kinachokuja baadaye. Moyo ukiguswa, ni miaka 10 au zaidi, na valvu ikiwa mbaya huendelea hadi miaka 40. Kwamba inafanya kazi hata mapema kabisa kulionekana Gulu, kaskazini mwa Uganda. Watoto 818 waliokuwa na mabadiliko madogo yaliyoonekana kwenye eko tu walifuatiliwa kwa miaka miwili. Kwa waliochomwa sindano kila wiki 4, valvu ilizidi kuharibika kwa asilimia 0.8 yao, kwa wasiochomwa, asilimia 8.2.

Hesabu kwa wiki, usihesabu kwa mwezi. Ukisema "kila tarehe 10", kuna miezi utakayovuka siku 28, na dawa huwa imekwisha mwilini. Chagua siku moja, tuseme Jumatatu, na mwende kila Jumatatu ya nne. Kwa Geita na Shinyanga kinachokata mfululizo huu mara nyingi si uzembe. Rashi mpya inazuka, baba anahama, na kadi inabaki kwenye kituo cha zamani. Piga picha ukurasa wa kadi wenye jina la dawa, kipimo na tarehe ya mwisho, uihifadhi kwenye simu mbili. Penye zahanati mpya, fika kabla ya siku ya sindano uulize kama dawa ipo. Ikiwa haipo, mtoto apewe penisilini ya kumeza hadi ipatikane, asikae bila kitu.

Sindano inauma, na watoto wengi huiacha kwa sababu hiyo. Muuguzi anaweza kupasha kichupa mkononi hadi kisiwe cha baridi, kuchanganya na lidokeini, na kuisukuma polepole kwa dakika mbili au tatu. Mwombeni. Mwambieni pia kama mtoto amewahi kuwashwa au kuvimba kwa penisilini. Na kama valvu imeharibika sana, mtu anahema hata akitembea taratibu au amewahi kuzimia, basi muulize daktari wa moyo kwanza. Wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kuanguka muda mfupi baada ya kuchomwa kwa sababu moyo haustahimili mshtuko wa maumivu. Wao hufaa zaidi kupewa vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku. Wengine wote wale kidogo, wanywe maji, wachomwe wakiwa wamelala, na wakae kituoni nusu saa kabla ya kuondoka.